Soda Nyeusi, Miruko Miwili

Ukali unaousikia ulimini unapokunywa soda nyeusi ya kola hautoki kwenye limau wala ndimu. Unatoka hasa kwenye asidi ya fosfori, ambayo fomula yake ni H₃PO₄. Asidi hii ina atomi tatu za haidrojeni ambazo inaweza kuziachia moja baada ya nyingine, zikiwa protoni. Mtu akitaka kujua kiasi chake katika chupa, njia ya kwanza inayomjia kichwani ni ile ya maabara ya sekondari: pima soda kwa pipeti, tia matone mawili ya kiashiria, dondoshea alkali kutoka kwenye bureti, na usubiri rangi igeuke. Kwa soda hii njia hiyo inakwama mapema. Fenolfthalini hugeuka kutoka kutokuwa na rangi hadi waridi, na waridi jembamba ndani ya kimiminika cha rangi ya kahawia iliyoiva halionekani hata ukiinua chupa juani. Unaweza kuzimua soda kwa maji mengi mpaka rangi ipungue, lakini hapo unaizimua na asidi yenyewe, na badiliko la rangi linakuwa la kusuasua.

Kwa hiyo jicho linaachiwa kazi nyingine, na kazi ya kutambua mwisho inapewa elektrodi ya kioo. Hii ni mrija wenye kibuyu chembamba sana mwishoni. Protoni za kimiminika kilichoko nje zikiwa nyingi kuliko zile za ndani ya kibuyu, au zikiwa chache, hutokea tofauti ya volteji kati ya pande mbili za kioo. Kwa nyuzi joto 25, kila hatua moja ya pH hubadilisha volteji hiyo kwa takriban milivolti 59. Mita ya pH haioni asidi; inasoma milivolti, kisha inazigeuza kuwa namba ya pH kwenye kioo chake. Ndiyo maana njia hii inaitwa titresheni ya kupima volteji. Rangi ya soda haiihusu hata kidogo. Na si ajabu kwamba mita ya kwanza ya pH iliyopata soko kubwa ilizaliwa kwa shida inayofanana na hii: mwaka 1934, huko Kalifornia, Arnold Beckman aliunda kifaa cha kumsaidia rafiki yake, mkemia wa wakulima wa machungwa na malimau, aliyetaka kupima ukali wa maji ya matunda hayo.

Kabla ya kudondosha chochote kuna gesi ya kuondoa. Soda ya kawaida hubeba gramu kama 6 hadi 8 za kabonidayoksaidi katika kila lita. Ukihesabu kwa moli, gesi hiyo ni zaidi ya mara 20 ya asidi ya fosfori tunayoitafuta, nayo ikiyeyuka majini huwa asidi dhaifu inayokula alkali. Kutikisa chupa na kuiacha wazi usiku kucha kunapunguza gesi, lakini hakuimalizi. Utaratibu unaofaa ni kuimimina soda kutoka bika moja hadi jingine mpaka povu lipungue, kupima mililita 100 kwa pipeti, kisha kuzichemsha polepole kwa dakika 20 hivi, bika likiwa limefunikwa kwa kioo cha saa. Baada ya hapo zinapozwa mpaka joto la chumba, maana elektrodi iliyosawazishwa kwa nyuzi 25 haisomi sawa ndani ya kimiminika cha moto. Maji yakipungua kidogo kwa mvuke hakuna hasara. Asidi ya fosfori haiondoki na mvuke, nasi tunahesabu moli zilizokuwa ndani ya zile mililita 100 za mwanzo. Ndiyo sababu ya kupima kwanza na kuchemsha baadaye. Anayechemsha kwanza kisha akapima atakuwa amepima soda iliyokolea kuliko ile ya chupani.

Sasa tuje kwenye tabia ya asidi yenyewe. Protoni tatu za asidi ya fosfori hazishikwi kwa nguvu moja. Wakemia huueleza mshiko huo kwa namba iitwayo pKa, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo protoni inavyogoma kuondoka. Kwa asidi hii namba hizo ni 2.15, 7.20 na 12.35. Protoni ya kwanza imelegea kiasi kwamba ndani ya soda sehemu kubwa yake imekwisha kuondoka hata kabla hujatia alkali, na hiyo ndiyo inayoifanya pH ya soda iwe karibu 2.5. Ya pili imeshikwa kwa nguvu zaidi ya mara 100,000 kuliko ya kwanza. Pengo hilo ndilo linalotupa picha nzuri. Alkali inapoingia, inashughulika karibu kabisa na protoni za kwanza mpaka ziishe, ndipo inaanza za pili. Katikati, pale za kwanza zimekwisha na za pili hazijaanza, hakuna kitu cha kuizuia pH, nayo inaruka. Mahali hapo ndipo tunapaita nukta ya usawa: alkali iliyoingia imelingana na protoni za daraja hilo, moli kwa moli.

Si kila asidi yenye protoni nyingi ina adabu hii. Asidi ya sitriki, ile ya malimau na ndimu, nayo ina protoni tatu, lakini pKa zake ni 3.13, 4.76 na 6.40. Zimesongamana. Kabla ya za kwanza kuisha, za pili zimekwisha kuanza kuondoka, na za tatu ziko nyuma yake. Ukiidondoshea alkali unapata mteremko mmoja mrefu wa kupanda na mruko mmoja tu mwishoni, protoni zote tatu zikiwa zimehesabiwa kwa pamoja. Kanuni ya mkono inayotumika maabara ni kwamba miruko miwili hutengana vizuri pale pengo la pKa linapofika 4 au zaidi. Asidi ya fosfori ina 5.05 kati ya protoni ya kwanza na ya pili, kwa hiyo imepita.

Tuchukue sasa kipimo kimoja na tukifuate mpaka mwisho. Namba zinazofuata nimezikokotoa kutokana na pKa hizo tatu, kwa soda yenye asidi ya kiwango cha kawaida cha kola, ili msomaji mwenye kikokotoo aweze kuzirudia mwenyewe. Ndani ya bika tuna mililita 100 za soda iliyochemshwa na kupoa. Kwenye bureti tuna sodiamu haidroksidi ya ukolezi wa molari 0.1000. Ukolezi huu hauaminiwi kwa sababu tu chupa imeandikwa hivyo. Umehakikiwa asubuhi hiyohiyo kwa chumvi kavu ya potasiamu haidrojeni fthaleti, iliyopimwa kwa mizani. Chini ya bika kipande cha sumaku kinazunguka na kukoroga taratibu, mbali na kibuyu cha elektrodi kisije kukigonga.

Watu wenye uzoefu hufanya kipimo mara mbili. Mara ya kwanza huenda mbio, nusu mililita kwa nusu mililita, ili kujua tu miruko iko wapi. Hapa mbio hizo zinaonyesha pH ikipanda kwa uvivu kutoka 2.4, kisha ikiruka kati ya mililita 5 na 6, ikitulia tena karibu na 7, kisha ikiruka mara ya pili kati ya 10.5 na 11. Mara ya pili huenda mbio mpaka karibu na mruko, wakapunguza mwendo na kudondosha mililita 0.10 kila mara, wakisubiri namba itulie kabla ya kuiandika. Katika mruko wa kwanza daftari linasomeka hivi:

| Alkali iliyoingia (mL) | pH |
|---|---|
| 5.10 | 3.73 |
| 5.20 | 3.89 |
| 5.30 | 4.13 |
| 5.40 | 4.62 |
| 5.50 | 5.37 |
| 5.60 | 5.72 |
| 5.70 | 5.92 |

Nukta ya usawa iko wapi? Ukichora namba hizi kwenye karatasi ya grafu utaona mstari uliojikunja kama herufi S, na mtu yeyote atakuambia jibu liko mahali fulani karibu na 5.4 na 5.5. Mwalimu mmoja ataweka rula na kusema 5.42, mwingine ataiweka tofauti kidogo na kusema 5.47. Mruko wenyewe si mrefu. Soda ina asidi kidogo, chini ya molari 0.006, na asidi iliyozimuliwa hivyo hairuki kama ile ya kwenye vitabu inayopanda wima kama ukuta. Hapo ndipo hesabu inapoingia.

Swali la kwanza la kuuliza ni hili: kwa kila tone, pH ilipanda kwa kasi gani? Kutoka 5.10 hadi 5.20 ilipanda 0.16, na ukigawanya kwa 0.10 unapata kasi ya 1.6. Kwa kuwa hatujui kasi hiyo ilikuwa mahali gani hasa ndani ya nafasi hiyo, tunaiandika katikati yake, yaani kwenye 5.15. Ukiendelea hivyo unapata 2.4 kwenye 5.25, kisha 4.9 kwenye 5.35, kisha 7.5 kwenye 5.45, halafu inashuka: 3.5 kwenye 5.55 na 2.0 kwenye 5.65. Wanahesabu huita kasi hii derivativu ya kwanza. Ukiichora, ule mstari wa herufi S unageuka kuwa kilima chenye kilele, na nukta ya usawa iko chini ya kilele. Jicho linaona kilele kwa urahisi kuliko linavyoona mahali mstari uliopinda unapobadili upande wa kupinda.

Lakini kilele nacho kina udhaifu. Namba kubwa kuliko zote ni 7.5, nayo imeandikwa kwenye 5.45 kwa sababu tu matone yetu yaliangukia 5.40 na 5.50. Kilele halisi kinaweza kuwa kidogo kushoto au kidogo kulia, na dalili ipo: bega la kushoto, 4.9, liko juu kuliko bega la kulia, 3.5. Kilima kimeegemea kushoto. Kwa hiyo tunauliza swali la pili, kwamba hiyo kasi yenyewe inabadilikaje. Fikiria dereva wa daladala anayetoka kituo kimoja kwenda kingine. Mguu ukiwa kwenye mafuta kasi inaongezeka, mguu ukiwa kwenye breki inapungua, na gari huwa na kasi kubwa kuliko zote katika ule upenyo ambapo mguu unatoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Kwenye kipimo chetu mafuta ni namba chanya, breki ni namba hasi, na tunachotafuta ni sifuri iliyo katikati.

Kasi ilitoka 2.4 hadi 4.9, yaani ongezeko la 2.5 ndani ya mililita 0.10, ambalo ni 25. Hiyo inaandikwa kwenye 5.30. Kutoka 4.9 hadi 7.5 ni 26, inaandikwa kwenye 5.40. Kutoka 7.5 kushuka hadi 3.5 ni −40, inaandikwa kwenye 5.50. Hii ndiyo derivativu ya pili. Kwenye 5.40 ni chanya 26, kwenye 5.50 ni hasi 40, basi mahali fulani kati yake imevuka sifuri. Tukivuta mstari mnyoofu kati ya nukta hizo mbili, safari nzima kutoka 26 hadi −40 ni hatua 66, na sifuri inafikiwa baada ya hatua 26. Kwa hiyo jibu ni 5.40 kujumlisha 0.10 mara 26 gawanya kwa 66, ambayo ni 5.44. Hakuna rula, hakuna kubishana. Watu wawili wenye daftari moja watapata namba moja.

Mruko wa pili unafanyiwa vilevile. Kwenye 10.70 pH ni 8.71, kwenye 10.80 ni 9.05, kwenye 10.90 ni 9.64, kwenye 11.00 ni 10.04. Kasi zinatoka 3.4 na 5.9 na 4.0. Derivativu ya pili ni 25 kwenye 10.80 na −19 kwenye 10.90, na sifuri inaangukia 10.86. Angalia kwamba kilele cha pili ni kifupi kuliko cha kwanza, 5.9 dhidi ya 7.5. Huku juu, ambako pH imekwisha kupita 9, alkali ya ziada inaanza kujionyesha mapema na kuubana mruko.

Siku hizi hesabu hii hufanywa na Excel. Ujazo ukiwa kwenye safu A na pH kwenye safu B, kuanzia mstari wa 2, fomula ni hizi nne, kisha unaziburuta chini:

```
C2: =(A2+A3)/2
D2: =(B3-B2)/(A3-A2)
E2: =(C2+C3)/2
F2: =(D3-D2)/(C3-C2)
```

Chora D dhidi ya C upate kilele, na F dhidi ya E upate mvuko wa sifuri. Kosa la mara kwa mara ni kuchora D dhidi ya A. Kufanya hivyo husogeza kilele kwa nusu ya tone zima, hapa mililita 0.05, na kosa hilo haligunduliki kwa kuangalia umbo la grafu kwa sababu umbo linabaki zuri vilevile.

Kuna fadhila moja ya njia hii ambayo hata wanaoitumia kila siku hawaitaji vya kutosha. Chukua elektrodi iliyosawazishwa vibaya, inayosoma pH pungufu kwa 0.2 kila mahali. Mtu anayefuata kanuni ya kusimama kwenye pH fulani, tuseme 4.9, atasimama mahali pabaya. Anayechukua tofauti kati ya namba na namba hataathirika, maana 0.2 iliyopunguzwa kwenye kila namba inajifuta yenyewe katika kutoa. Elektrodi ikiwa imechakaa na inatoa milivolti 55 kwa kila pH badala ya 59, kilele kitakuwa kifupi, lakini sifuri itabaki ilipo. Kitu ambacho elektrodi haisamehewi ni uzembe wa kutulia. Elektrodi kavu, au yenye kibuyu kilichopakwa sukari ya soda, huchukua muda mrefu kufika kwenye namba ya kweli. Usipoisubiri, kila namba unayoandika ni ya nyuma kidogo, na mruko wote unasogea mbele. Namna ya kutambua ni rahisi: acha kudondosha katikati ya mruko na uitazame mita kwa nusu dakika. Ikiendelea kutambaa, osha elektrodi kwa maji safi, iloweke ndani ya majimaji yake ya akiba, na uanze upya.

Udhaifu mkubwa wa derivativu ya pili uko kwenye matone yenyewe, na hapa fikra ya kawaida inapotosha. Mtu husema, nikitaka jibu kali zaidi nipunguze tone, nitoke mililita 0.10 hadi 0.02. Hebu tuone. Mita nyingi huonyesha sehemu ya mia ya pH, na namba hiyo ya mwisho hucheza. Tuseme namba moja ya katikati imekosewa kwa 0.01. Ndani ya derivativu ya pili kosa hilo linaingia mara mbili, kisha linagawanywa kwa tone lililozidishwa kwa lenyewe. Kwa tone la 0.10, kosa ni 0.02 gawanya kwa 0.01, yaani 2. Mbele ya 26 na −40 kosa hilo si kitu. Kwa tone la 0.02, ni 0.02 gawanya kwa 0.0004, yaani 50. Kosa limekuwa kubwa kuliko kitu tunachokipima, na grafu itavuka sifuri huku na kule mara nyingi kama mwandiko wa mtoto. Grafu ya namna hiyo ukiiona, soda haina tatizo. Matone ndiyo madogo mno kwa mita uliyonayo. Kwa mita ya sehemu za mia na asidi nyepesi kama hii, mimi nisingeshuka chini ya 0.10.

Sasa tuna namba mbili, 5.44 na 10.86, na hapa ndipo asidi yenye protoni nyingi inapoishinda asidi ya protoni moja. Asidi ya protoni moja inakupa jibu moja na unalazimika kuliamini. Hii inakupa mawili yanayochungana. Molekuli zilezile zilizotoa protoni ya kwanza ndizo zinazotoa ya pili, kwa hiyo alkali ya awamu ya pili lazima ilingane na ya awamu ya kwanza. Awamu ya kwanza ilikula 5.44. Awamu ya pili ilikula 10.86 kutoa 5.44, yaani 5.42. Tofauti ni mililita 0.02, ambayo bureti yenyewe haiwezi kuiapia. Kipimo kimekubali.

Je, visingelingana? Tuseme mchemsho ulifanywa kwa haraka, na ikabaki kabonidayoksaidi kidogo tu, sehemu 2 kati ya 1,000 ya ile ya mwanzo. Asidi yake ya kwanza ina pKa karibu 6.35, kwa hiyo mpaka pH 4.9 bado haijaguswa, na mruko wa kwanza unabaki karibu palepale. Lakini kabla ya pH 9.4 itakuwa imekula alkali yake yote ya daraja la kwanza, hapa kama mililita 0.30. Mruko wa pili utahamia 11.16, na awamu ya pili itasomeka 5.72 dhidi ya 5.44. Hali hiyohiyo hutokea ukiitumia alkali iliyokaa wazi na kunyonya gesi hiyo kutoka hewani, au maji ya kuzimulia ambayo hayakuchemshwa. Basi awamu ya pili ikiwa ndefu kuliko ya kwanza, wa kwanza kumshuku ni kabonidayoksaidi, na namba ya kutumia ni ile ya awamu ya kwanza. Ikiwa fupi kuliko ya kwanza, kuna asidi nyingine kali iliyomalizika kabla ya pH 4.9. Na kilele cha kwanza kikiwa kimelala, kipana kama tuta la viazi, soma maandishi ya chupa: baadhi ya soda za aina hii, hasa zile zisizo na sukari, huongezewa asidi ya sitriki, na yale madaraja yake yaliyosongamana yanajaza bonde lililopaswa kuwa tupu.

Ipo hata njia ya kuthibitisha kwamba tunayempima ni asidi ya fosfori. Nenda katikati ya miruko miwili, kwenye mililita 8.15, na usome pH. Hapo nusu ya protoni za pili zimeondoka na nusu zimebaki, na kemia inadai pH ilingane na pKa ya pili. Mita itaonyesha karibu 7.1, pungufu kidogo ya namba ya kitabuni kwa sababu ya chumvi zilizomo kwenye kimiminika. Kwa hatua hii tu ndipo usawazishaji wa elektrodi kwa bafa za pH 4.01, 7.00 na 10.01 unapokuwa wa lazima, maana hapa tunaisoma namba yenyewe, hatuangalii tofauti.

Hesabu ya mwisho ni fupi. Wastani wa awamu mbili ni mililita 5.43 za alkali ya molari 0.1000, yaani milimoli 0.543 za asidi katika mililita 100 za soda. Kila milimoli ina uzito wa miligramu 98. Kwa lita nzima tunapata miligramu 532 za asidi ya fosfori, na kwa chupa ya nusu lita miligramu 266.

Imebaki protoni ya tatu, ambayo hatujaiona popote. Ukiendelea kudondosha mpaka mililita 16.3, mahali ambapo hesabu inasema mruko wa tatu uwepo, grafu inapita imelala, na derivativu haina kilele. Protoni hiyo imeshikwa kwa pKa ya 12.35, na kuing'oa kunahitaji kimiminika chenye alkali nyingi kiasi kwamba tone linaloongezwa halibadilishi chochote. Hakuna hesabu ya Excel inayoweza kuchonga kilele mahali pasipo na mruko. Kemia yenyewe ndiyo ina mlango wa nyuma. Baada ya mruko wa pili, mimina ndani ya bika kalsiamu kloridi kwa wingi. Kalsiamu hunasa fosfeti na kutengeneza chembe nyeupe zisizoyeyuka, na katika kunaswa huko protoni ya tatu inasukumwa nje kwa lazima. Mita, iliyokuwa ikisoma zaidi ya 9, inaporomoka mbele ya macho yako, na kimiminika kinataka tena alkali.